Je, wajua kwa nini kifungu cha "usiende kwa mshindani" huweza kuanguka mahakamani?

"Naacha kazi ya mauzo kwenye kampuni ya kuondosha mizigo bandarini. Mkataba wanikataza kazi kama hiyo miaka miwili, Afrika Mashariki nzima. Je, wanaweza kunifunga hivyo?"

Sahihi yako peke yake haitoshi kukufunga. Sheria ya Kenya ya mikataba inayozuia biashara, Sura ya 24, haikibatilishi kifungu kama hicho kwa sababu tu kimo mkatabani. Lakini mahakama yaweza kukitangaza batili ikiona kinamlinda mwajiri kupita anachostahili, au kinadhuru maslahi ya umma. Hupima aina ya kazi, muda, eneo na mazingira yote.

Mzozo wote uko kwenye neno "anachostahili". Mwajiri hana haki ya kukingwa na ushindani mtupu. Analindiwa siri zake za biashara na wateja waliojengwa kwa jina lake. Ujuzi wako wa nyaraka za forodha na mizunguko ya Kilindini ni wako, hata kama uliupatia kwake.

Tuseme ulishika wateja 12 na wajua kila mmoja hulipa bei gani. Hapo kuna cha kulinda. Karani aliyefuatilia makaratasi tu, bila kuonana na mteja, ni vigumu kumzuia hata miezi mitatu. Na hata wewe, bei za leo zitakuwa zimechakaa kabla ya miaka miwili kwisha, na kama wateja wako wote wako Mombasa, Kigali yaingiaje?

Kwa anayeandika mkataba, afadhali amtaje mteja kuliko ramani: "Kwa miezi 6 baada ya kuacha kazi, mwajiriwa hatamshawishi wala kumhudumia, kwa kazi ya kuondosha mizigo, mteja yeyote aliyemshughulikia yeye mwenyewe katika miezi 12 ya mwisho." Usiri uwe kifungu cha peke yake, ili kimoja kikianguka kisikokote kingine. Mwajiri mwenye tamaa hapa hujiponza: kwa desturi jaji hufuta maneno yanayoweza kutoka bila kuharibu yaliyobaki, ila hakuandikii "miezi 6" mahali ulipoandika "miaka 2".

Wewe unayepinga, waandikie uwaulize ni siri ipi au mteja yupi wanamlinda. Weka barua ya ajira na maelezo ya majukumu, kwa kuwa kifungu hupimwa kwa hali ilivyokuwa siku ya kusaini. Wakiomba zuio la muda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, jibu upesi, maana zuio hilo laweza kumaliza muda wote kabla kesi haijasikizwa. Kama wao ndio waliovunja mkataba kwa kukufukuza isivyo haki, litaje hilo kwanza: tangu uamuzi wa Uingereza wa 1909, General Billposting dhidi ya Atkinson, hoja hiyo huweza kukufungua.

Ila usijitumie orodha ya wateja kwenye WhatsApp siku ya mwisho. Kosa hilo halihitaji kifungu cha ushindani ili likushike.