“Programu haifanyi kazi” si ripoti

Wiki hii mjaribu mpya, yaani mtu anayelipwa kujaribu programu na tovuti, kaniuliza tena kwa nini ripoti yake imekataliwa, ilhali “hitilafu ipo kweli, nimeiona kwa macho yangu.” Kazi yangu ni kupitia ripoti za wajaribu kabla hazijawafikia watengenezaji, na swali hilo nimelisikia mara nyingi mno. Hizi hapa ni dhana potofu ninazozisikia kuhusu kazi hii.

Dhana: Ukiiona hitilafu na kuitaja, umemaliza kazi.

Kinacholipiwa ni hitilafu ambayo mtu mwingine anaweza kuifanya itokee tena kwenye simu yake. Mjaribu huyo aliandika: “Fomu ya kujisajili mbovu, inafuta kila kitu.” Mtengenezaji akafungua programu, akajaza fomu, akajisajili bila shida. Akajibu “haijirudii”, ripoti ikafungwa, na malipo hayakuja.

Nilimwomba mjaribu arekodi skrini tangu anapofungua programu. Kwenye video anaandika jina, anaandika barua pepe, halafu analaza simu ili apate kibodi pana. Papo hapo visanduku vyote vikawa vitupu. Mwenyewe hakukumbuka kabisa kwamba alikuwa ameilaza. Kwenye Android, simu ikigeuzwa, kwa kawaida mfumo huuvunja ukurasa uliokuwa wazi na kuujenga upya, na kama mtengenezaji hakupanga yaliyoandikwa yahifadhiwe, yanapotea. Mtengenezaji alikuwa ameishika simu wima muda wote, ndiyo maana hakuona kitu.

Tukaiandika upya hivi:

> Kichwa: Fomu ya kujisajili inafuta jina na barua pepe simu inapolazwa
> Hatua: Fungua programu ukiwa umeshika simu wima. Bonyeza “Jisajili”. Andika jina na barua pepe. Laza simu.
> Nilichotarajia: Maandishi yabaki.
> Kilichotokea: Visanduku vyote viwili vinakuwa vitupu.
> Mara ngapi: 5 kati ya 5. Nisipoilaza simu, 0 kati ya 5.
> Mazingira: aina ya simu, toleo la Android, toleo la programu
> Ushahidi: video ya sekunde 20

Ripoti hiyo ikakubaliwa. Mstari ninaoupenda kuliko yote ni ule wa “0 kati ya 5”, kwa sababu unaonyesha kwamba mjaribu amekitafuta kisababishi na kukitenga. Njia ni moja: rudia hatua zilezile ukibadilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha intaneti na simu kwa pamoja, hutajua ni kipi kilicholeta tatizo. Nawasihi pia wajaribu wawashe kurekodi skrini kabla ya kuanza, si baada ya hitilafu kutokea. Na kabla ya kutuma, pitia orodha ya hitilafu zilizokwisha kuripotiwa, maana ripoti ya pili ya hitilafu ileile kwa kawaida hailipiwi hata ikiwa imeandikwa vizuri zaidi.

Dhana: Lazima ujue kuandika msimbo wa programu.

Hapana. Kwenye mfano wetu hakuna hata mstari mmoja wa msimbo. Kinachohitajika ni kujua toleo la mfumo wa simu yako linasomwa wapi kwenye mipangilio, na kuandika sentensi zinazoeleweka.

Dhana: Majaribio yote ni ya kusaka hitilafu.

Kuna aina mbili, na watu huzichanganya. Kwenye tovuti ya uTest unaweza kulipwa kwa hitilafu zilizokubaliwa, na ripoti ndiyo kazi yenyewe. Kwenye tovuti ya UserTesting unapewa jukumu, mathalani kutafuta bidhaa kwenye tovuti, nawe unasema kwa sauti kila unachofikiri huku skrini na sauti vikirekodiwa. Huko anayenyamaza hafai, na anayesifu kila kitu hana msaada wowote. “Nimetafuta gharama ya usafirishaji hapa juu, sijaiona, sasa nashuka chini” ni sentensi yenye thamani. “Tovuti nzuri sana” haina.

Dhana: Kwenye maswali ya mchujo, yale unayoulizwa kabla ya kupewa jaribio, jibu wanachotaka kusikia.

Ukidai una gari ilhali huna, dakika tatu za kurekodiwa zitakuumbua, na alama mbovu itakupunguzia kazi zijazo. Jibu ukweli. Kutochaguliwa ni jambo la kawaida kabisa, hata kwa mjaribu mzoefu.

Dhana: Huu ni mshahara.

UserTesting ilijulikana kwa muda mrefu kwa kulipa dola 10 kwa jaribio la dakika kama 20, lakini hakuna anayekuahidi idadi ya majaribio kwa wiki. Usiipangie kodi ya nyumba.

Dhana: Unalipia usajili ndipo uanze.

Anayekuomba ada ili akupe kazi ya kujaribu programu anakuibia, funga ukurasa huo. Kwa kuanza unahitaji simu au kompyuta, maikrofoni inayosikika vizuri, na akaunti ya kupokelea malipo kama PayPal. Ukipewa jaribio la mazoezi, lifanye kwenye chumba kimya na usilikimbize, kwa kuwa ndilo linaloweza kuamua kama utakubaliwa.