Kuhamisha Apple Watch kwenda iPhone nyingine: anza na saa, ndipo simu

Wateja wangu wengi hapa Dodoma wanaovaa Apple Watch hawanunui simu ya kutoka kwenye boksi. Wanachukua iPhone iliyotumika, wanaacha ile ya zamani dukani na kuongeza hela juu. Muuzaji anaitaka simu hiyo saa ileile, tena ikiwa imefutwa. Hapo kwenye haraka ndipo kumbukumbu za mazoezi za miaka zinapopotelea, kwa hiyo leo nazungumzia mpangilio wa kazi hiyo tu.

Kwanza ujue mizigo iko miwili na kila mmoja una njia yake. Hatua ulizotembea, mapigo ya moyo na mbio zako havikai kwenye saa kwa muda mrefu. Saa inavipeleka kwenye programu ya Health ndani ya iPhone, na zile duara za rangi unazoziona kwenye Fitness zinasomwa kutoka humo. Mzigo wa pili ni sura za saa, mpangilio wa programu na namna ulivyochagua taarifa zikufikie. Hivi vinaingia kwenye nakala rudufu ya saa, ambayo iPhone inaitengeneza yenyewe na kuihifadhi tumboni mwake. Ukifuta simu kabla nakala hiyo haijatoka humo, imekwenda nayo.

Nichukulie mteja mmoja, dada anayefanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, na anayekimbia kila alfajiri kabla jua la Dodoma halijakolea. Alikuwa na iPhone 11 na Apple Watch SE ya kizazi cha pili, anahamia iPhone 13 iliyotumika. Aliniuliza, "Fundi, nikiitoa hii simu leo, mbio zangu zitabaki?" Nikamwambia, "Zitabaki dada, ila simu ya zamani haitoki mkononi mwako leo."

Kabla ya kugusa chochote nilimfungulia Health, tukaingia Steps, tukashuka hadi Show All Data na kuandika tarehe ya rekodi ya kwanza kabisa. Kisha tukafungua Fitness na kuchagua mwezi mmoja wa zamani ambao anaukumbuka vizuri. Sura zake za saa tulizipiga picha. Bila alama kama hizi, baadaye huwezi kujua kama historia imerudi yote au imerudi nusu, maana grafu ya wiki hii itaonekana nzuri tu hata kama miaka miwili ya nyuma haipo.

Halafu iCloud. Ukiingia Settings, jina lako, iCloud, See All, utakuta Health. Ikiwa imewashwa, data za afya zinapanda zenyewe kwenye akaunti yako na zitashuka kwenye simu yoyote utakayoingia kwa akaunti hiyohiyo. Ya kwake ilikuwa imewashwa, lakini nafasi ilikuwa imejaa. Apple inatoa GB 5 za bure, na picha za harusi na za watoto huzimaliza mapema. Nafasi ikijaa, hakuna kinachopanda, na simu inakupa onyo dogo ambalo watu wameshazoea kulifunga bila kulisoma. Una njia mbili: ulipie nafasi zaidi, au utumie kompyuta.

Kwenye kompyuta kuna mtego mmoja ambao naukuta kila mara. Ukichomeka simu kwenye Finder ya Mac, au iTunes ya Windows, na kubofya Back Up Now bila kuweka alama kwenye Encrypt local backup, nakala itakamilika vizuri, picha zitakuwemo, lakini data za Health hazitakuwemo hata moja. Apple haiweki data za afya kwenye nakala isiyofungwa kwa nywila. Weka alama hiyo, kisha andika nywila hiyo mahali, kwa sababu ukiisahau nakala hiyo haifunguki tena, wala fundi hawezi kukusaidia. Ukitaka kuhakiki, angalia orodha ya nakala: iliyofungwa ina alama ya kufuli pembeni.

Yule dada tulimwongezea nafasi ya iCloud. Ndipo tukafika kwenye hatua ambayo kichwa cha habari kinaitaja. Watu wengi huanza kunakili simu, halafu wanatenganisha saa. Ukifanya hivyo, nakala mpya kabisa ya saa, ile inayotengenezwa wakati wa kutenganisha, inabaki ndani ya simu ya zamani peke yake. Geuza. Weka saa karibu na simu, fungua programu ya Watch, gusa All Watches, kisha alama ya i, kisha Unpair Apple Watch. Utaombwa nywila ya akaunti ya Apple ili kufungua Activation Lock, yaani kufuli linalozuia mtu mwingine kuitumia saa yako. Simu inatengeneza nakala kwanza, ndipo inafuta saa. Saa ikiwa mbali na simu wakati huo, mabadiliko ya karibuni yanaweza yasiingie. Saa ikishafutika, ingia Settings, jina lako, iCloud, iCloud Backup, Back Up Now, uache simu kwenye chaji na waifai hadi saa ya kukamilika iandikwe.

Ukiwa na simu zote mbili mkononi unaweza pia kuiacha saa bila kuitenganisha. Simu mpya ikirejeshewa data itakuuliza kama unataka kuhamisha Apple Watch yako. Ni njia halali na ni fupi. Mimi naitumia pale tu mteja anapobaki na simu ya zamani kwa siku kadhaa.

Upande wa simu mpya tulikwama kwenye jambo la kawaida la simu zilizotumika: toleo la mfumo. Saa yake ilikuwa na watchOS 11, ambayo inahitaji iPhone yenye iOS 18. Ile iPhone 13 ilikuja na iOS 17. Nakala ya simu yenye iOS 18 haiingii kwenye iOS 17, na saa nayo isingekubali kuoanishwa. Ikabidi tusasishe simu kwanza, na hiyo ni gigabaiti kadhaa, si kazi ya bando la siku.

Baada ya kurejesha simu, tulifungua Watch, tukaoanisha, tukachagua Restore from Backup na kuitazama tarehe ya nakala. Ukigusa kwa bahati mbaya Set Up as New Apple Watch, usiogope: historia ya mazoezi iko kwenye simu, umekosa sura na mipangilio tu. Tenganisha, oanisha upya na uchague nakala ya tarehe ya zamani.

Nywila ya saa na vifaa vya Bluetooth kama spika za masikioni havirudi, unaviweka upya. Sura zilirudi zote, ila vidude viwili juu ya sura moja vilikuwa vitupu hadi programu zake zilipomaliza kupakuliwa. Historia ndiyo iliyochukua muda. Jioni hiyo Fitness ilionyesha miezi michache tu, na dada alinipigia akiwa na wasiwasi. Nikamwambia aiache kwenye chaji na waifai usiku kucha. Asubuhi tarehe ya rekodi ya kwanza ilikuwa ileile tuliyoiandika, na ule mwezi wake ulikuwa umekamilika.

Ikiwa simu ya zamani imeibwa au imekufa, saa unaifutia kwenye saa yenyewe: Settings, General, Reset. Kufuta huko hakutengenezi nakala, na Activation Lock inabaki, kwa hiyo lazima uwe unaikumbuka akaunti yako. Kitakachokuokoa hapo ni Health iliyokuwa imewashwa kwenye iCloud tangu zamani, pamoja na nakala ya simu ya mwisho iliyopanda.