Posho ya kujikimu huhesabiwa kwa usiku, si kwa sahani

"Nikisafiri kikazi, mhasibu ananidai tiketi ya basi ya shilingi elfu arobaini, lakini kwa posho ya laki nne haniulizi hata risiti ya chai. Kwa nini iko hivyo?"

Kwa sababu fedha hizo mbili, ingawa huombwa kwa dokezo moja, yaani andiko la ndani la kuomba idhini, na huingia kwenye akaunti siku moja, si za aina moja. Nauli ni gharama halisi: ofisi inalipa kile ulicholipa wewe, hivyo ni lazima ijue umelipa kiasi gani, na njia ya kujua ni tiketi. Posho ya kujikimu ni kiwango kilichokadiriwa kabla hujatoka nyumbani, kwa makubaliano kwamba mtu wa ngazi yako akilala nje ya kituo chake cha kazi atahitaji kiasi fulani cha chumba, chakula na vijigharama vingine, na ofisi haitaingilia namna atakavyokitumia. Ukilala nyumba ya wageni ya bei ndogo, ukala wali maharage kwa mama lishe na kubakiwa na fedha, zilizobaki ni zako. Ukilala hoteli ya bei kubwa kuliko kiwango chako, pengo unaliziba kwa mfuko wako. Serikali inanunua usiku wako, hainunui sahani zako.

Upo urahisi wa kiutawala nyuma ya mpango huu. Afisa aliyekaa vijijini wiki mbili angerudi na makumi ya vipande vya karatasi, na vingi angelazimika kuvitengeneza, kwa kuwa muuza chapati wa stendi hana kitabu cha risiti. Kudai risiti mahali zisipotolewa ni kuwafundisha watu kughushi. Ndiyo maana hata sheria za kodi hukubali kwamba kiasi fulani cha posho kihesabiwe kuwa gharama bila kuombewa ushahidi. Nchini Kenya, kwa miaka mingi shilingi 2,000 za kwanza za kila siku ya safari ya kikazi zilichukuliwa kuwa ni kurudishiwa gharama na hazikutozwa kodi ya mapato, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ikakipandisha kiasi hicho hadi shilingi 10,000 kuanzia tarehe 1 Julai ya mwaka huo.

Hata hivyo, kuondoa risiti hakukuondoa haja ya ushahidi, bali kuliihamisha. Kama hakuna atakayeuliza ulikula nini, basi kila kitu kinategemea mambo matatu: kwamba safari iliidhinishwa kabla haijafanyika, kwamba kiwango kilichotumika ndicho cha ngazi yako, na kwamba usiku uliolipiwa ulilala kweli huko ulikosema. Mkaguzi anapofungua jalada la safari, hayo ndiyo anayoyatafuta.

Tuanze na idhini. Katika ofisi za umma za Tanzania safari huzaliwa kwenye dokezo, ambalo hueleza madhumuni, mahali, tarehe ya kuondoka na ya kurudi, idadi ya usiku, aina ya usafiri na kasma, yaani kifungu cha bajeti, itakayobeba gharama, likiwa na barua ya mwaliko au mpango kazi nyuma yake. Dokezo hupanda kwa mkuu wa kitengo, hupitia kwa anayethibitisha kwamba kasma hiyo ina fedha, na huishia kwa Afisa Masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za ofisi, au aliyekasimiwa madaraka yake. Kwa safari za nje ya nchi ngazi ni nyingi zaidi. Wengi wanakumbuka kwamba mwishoni mwa mwaka 2015, mara baada ya Rais John Magufuli kuingia madarakani, safari hizo zilizuiwa isipokuwa kwa kibali maalumu kutoka juu kabisa. Kanuni za Kenya za usimamizi wa fedha za umma za mwaka 2015 zinaeleza vizuri kile ambacho mwidhinishaji yeyote angepaswa kujiuliza kabla ya kusaini masurufu ya safari, yaani fedha anazotangulizwa msafiri na kuzitolea hesabu akirudi: je, lengo haliwezi kufikiwa kwa njia nyingine ya gharama ndogo, je, mwombaji hana masurufu ya nyuma ambayo hajayarejesha, na je, kifungu husika kina fedha za kutosha? Swali la kwanza ndilo linalorukwa zaidi, na kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kubwa kuliko mengine yote, kwa kuwa kikao cha saa mbili kinachoweza kufanyika kwa video hakihitaji watu wanne walale mkoani usiku mmoja.

Idhini inayosainiwa baada ya safari ina kasoro ambayo haiponi. Kwa nauli, hata dokezo likichelewa, tiketi bado inathibitisha kwamba mtu alisafiri. Kwa posho hakuna kitu kama hicho, hivyo dokezo la kabla ndilo nusu ya ushahidi wote, na likitengenezwa baadaye ili kufunika malipo, nusu hiyo inakuwa haipo. Mkaguzi hulitambua kwa urahisi: namba ya jalada haifuatani na za siku zile, au barua ya mwaliko ina muhuri wa kupokelewa wa tarehe iliyo baada ya tarehe ya kurudi.

Viwango vyenyewe havipangwi na mhasibu wala na mkuu wa idara, bali hutolewa kwa waraka. Katika utumishi wa umma wa Tanzania, mabadiliko yaliyoanza Julai 2022 yalikipandisha kiwango cha chini cha posho ya safari za ndani kutoka shilingi 80,000 hadi 100,000, na cha juu kutoka 120,000 hadi 250,000 kwa siku, kila mtumishi akiangukia kwenye kiwango cha ngazi yake. Hiki ni kikomo cha pande zote mbili: mkuu wa taasisi hawezi kuongeza kwa sababu hoteli za mji fulani zimepanda bei, na mtumishi halazimiki kueleza kwa nini hakukimaliza.

Sasa tuchukue safari moja tuipige hesabu. Tuseme afisa wa Dodoma, mwenye kiwango cha shilingi 100,000, anakwenda Mbeya kuhesabu mali za ghala kuanzia Jumanne hadi Alhamisi, na ofisi yake inahesabu posho kwa usiku. Ataondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa. Hapo wengi huandika siku tano na kuomba laki tano, ilhali usiku atakaolala nje ni wa Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, yaani minne. Usiku wa Ijumaa atalala kwake. Posho ni shilingi 400,000. Nauli imekadiriwa kuwa 40,000 kwenda na 40,000 kurudi. Masurufu yote ni shilingi 480,000.

Mambo yakaenda haraka, kazi ikaisha Jumatano jioni, naye akapanda basi Alhamisi asubuhi. Tiketi zake zinaonyesha alilipa 38,000 kila upande. Kwenye marejesho, nauli inatofautiana na makisio kwa shilingi 4,000, na hizo zinarudi. Usiku wa Alhamisi alilala Dodoma, kwa hiyo shilingi 100,000 za usiku huo nazo zinarudi. Anaomba kumbukumbu namba ya malipo, analipa shilingi 104,000 benki au kwa simu, na stakabadhi yake inaingia kwenye jalada pamoja na tiketi na ripoti ya safari. Lakini usiku wa Jumanne alilala kwa shemeji yake, akala huko na hakulipa hata senti. Je, laki moja ya usiku huo nayo arudishe? Hapana, kwa sababu alikuwa nje ya kituo chake kwa kazi iliyoidhinishwa, na hicho ndicho kilicholipiwa. Watu wengi huona ajabu kwamba aliyelala bure habanwi huku aliyerudi mapema akibanwa, lakini ukishika kwamba kinachonunuliwa ni usiku, ajabu hiyo inaisha.

Hali hubadilika pale mwenyeji au mfadhili wa warsha anapogharimia chumba na chakula. Hapo gharama iliyokusudiwa imeshalipwa na mtu mwingine, na taratibu nyingi humpa msafiri sehemu tu ya posho, kiasi gani ikitegemea waraka wa taasisi yake. Malipo mara mbili kwa usiku mmoja ni kosa la kawaida kabisa, na hubainika mkaguzi anapolinganisha orodha za mahudhurio ya mfadhili na hati za malipo za ofisi. Wenye gari la ofisi nao hujisahau: daftari la safari za gari lina tarehe, kilomita na saini ya dereva, na likionyesha gari liliingia geti la ofisi Alhamisi saa tisa alasiri, dai la usiku wa Alhamisi limeshajijibu lenyewe.

Kwa matumizi yanayodaiwa risiti, kama vile mafuta au ukumbi, Tanzania inataka risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, ile yenye jina la muuzaji, namba yake ya mlipakodi, tarehe, saa na msimbo unaoweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Tatizo lake ni karatasi, kwa maana risiti hizo huchapwa kwa joto, si kwa wino. Katika ofisi moja niliyofanya kazi, mwenzetu alizibana risiti za mafuta za wiki nzima juu ya dashibodi ya gari, mbele ya kioo, na aliporudi alimkabidhi mhasibu karatasi tisa nyeupe, safi kama zilizotoka kiwandani. Aliokolewa na namba za uhakiki za risiti nne alizokuwa amezipiga picha. Tano zilizobaki alizilipa. Tangu hapo kila risiti tulikuwa tukiitolea kopi siku ileile, nakala na risiti halisi zikabanwa pamoja.

Kuhusu muda wa marejesho, kanuni za Kenya zinatoa siku saba za kazi baada ya msafiri kurudi kituoni, na akipitisha, Afisa Masuuli anatakiwa kukata fedha zote kwenye mshahara wake pamoja na riba ya kiwango cha Benki Kuu. Maana yake ni kwamba hata aliyesafiri kweli, akalala usiku wote minne na kumaliza kazi yake, anaweza kukatwa masurufu yake yote kwa sababu tu jalada lake halina ripoti ya safari na tiketi mbili za basi.