Shirika Moja Kwenye Ruti: Kinachoizuia Nauli Isipande

Malalamiko mengi tunayopokea sisi tunaochunguza ushindani sokoni huanza na maneno mawili: "Yuko peke yake." Mlalamikaji ana haki ya kushtuka. Lakini kabla hatujamhukumu mwenye soko, hatuna budi kuuliza na hili: akipandisha bei kesho, mwingine ataingia kwa urahisi gani, na mambo yakimharibikia atatoka na hasara kiasi gani?

Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo nzito, na hakuna mahali ilipojaribiwa vizuri kama kwenye usafiri wa anga wa Marekani. Tangu 1938 bodi ya serikali ndiyo iliyoamua shirika gani liruke ruti gani na kwa nauli gani. Mwaka 1978 sheria mpya ikaanza kuyaondoa mamlaka hayo. Hofu ikazuka: miji midogo ina abiria wa kulitosha shirika moja tu, sasa nani atawalinda? Wachumi William Baumol, John Panzar na Robert Willig walikuja na jibu lililowashangaza wengi. Ndege, walisema, ni mtaji wenye mabawa. Anayeingia kwenye ruti akashindwa haachi kiwanda nyuma yake. Anaigeuza ndege ikaruke kwingine. Kwa hiyo shirika lililo peke yake litatoza nauli ya haki kwa kumwogopa mgeni ambaye hata hajaonekana.

Tuifuate hoja hiyo kwa mfano wa kubuni. Safari moja inagharimu dola 12,000 na ina abiria 120, yaani dola 100 kwa kila mmoja. Mwenye ruti anatoza 160. Mgeni anakuja na nauli ya 140, anawachukua abiria wote, na anabaki na dola 4,800 kwa kila safari. Akiruka mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, ana dola 134,400 mkononi. Mwenyeji akishusha nauli hadi 100, mgeni anafungasha na kuondoka na faida yake. Mwenyeji akiliona hilo mapema, hathubutu kufika 160 tangu mwanzo.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Ili aanze kuruka, mgeni alilazimika kutumia dola 400,000 kwa matangazo, kaunta na maandalizi ya uwanjani, fedha ambazo hazirudi akiondoka. Wiki zile mbili zinamwachia hasara ya dola 265,600. Akilijua hilo haji, na mwenyeji anaendelea na 160 yake kwa amani. Kumbuka pia kwamba nimempa mgeni wiki mbili kwa ukarimu. Nauli hubadilishwa kwenye kompyuta kwa dakika chache, ilhali kuanzisha ruti mpya huchukua wiki au miezi.

Hapo ndipo nadharia ilipokwama. Ndege inahamishika, lakini lango la abiria, nafasi za kutua kwenye viwanja vilivyojaa, na wateja waliokwisha kufungwa na pointi za safari havihamishiki. Tafiti za baada ya 1978 zilionyesha kwamba nauli zilikuwa nafuu zaidi pale washindani walipokuwepo hasa, si pale walipoweza tu kuja. Naona si haki kuitupa nadharia yote kwa sababu hiyo. Ilitaja sharti lake waziwazi, kwamba kutoka kusigharimu kitu. Waliokosea ni waliodhani kumiliki ndege kunatosha kulitimiza.

Mwaka 2008 Austan Goolsbee na Chad Syverson walichapisha utafiti uliolipima jambo hili kwa karibu. Waliliangalia shirika la nauli nafuu la Southwest lilipokuwa tayari linaruka kutoka viwanja vyote viwili vya ruti fulani, lakini bado haliviunganishi. Lilikuwa na wafanyakazi na kaunta pande zote mbili. Lililobaki ni kuipeleka ndege. Mashirika yaliyokuwa kwenye ruti hizo yalishusha nauli kabla Southwest haijarusha hata ndege moja hapo. Zaidi ya nusu ya punguzo lote lililotokana na Southwest lilikuwa limeshawafikia abiria kabla ya kuingia kwake.

Kwa hiyo anapokuja mtu kujitetea kwetu kwamba "yeyote anaweza kuingia," hatumtaki orodha ya washindani anaowawazia. Tunamwomba mikataba ya malango na muda uliosalia, masharti ya pointi anazowapa wateja, na kumbukumbu za bei zake siku mgeni wa mwisho alipojaribu. Tunamtafuta na mgeni huyo aliyeondoka, tukamuulize alipofunga ni kipi alikiuza, na ni kipi alikiacha pale pale.