Kiwanja namba 87 kipo kweli, ila sio hicho unachoonyeshwa

Watu wengi wanaokuja kwangu wana kiwanja "kilichopimwa" na namba wanayo, wanakwambia ni 87 Gungu, basi. Mimi mpima hapo bado sijaelewa kitu, maana 87 Kitalu A ipo na 87 Kitalu C inaweza kuwepo pia na ni sehemu mbili tofauti kabisa. Namba kamili inasomeka hivi: Kiwanja Na. 87, Kitalu C, Gungu, Manispaa ya Kigoma Ujiji. Ukikosa kitalu umekosa kiwanja.

Sasa tuseme (namba nazitunga) unataka kununua hicho 87 Kitalu C. Umefanya sachi kwa msajili wa hati, jina la muuzaji limetoka, hakuna mkopo wala zuio, kodi ya pango la ardhi imelipwa. Safi. Lakini sachi imekwambia nani mwenye 87, haijakwambia 87 iko wapi, na hapo ndipo watu wanapigwa, kwa sababu dalali anakupeleka kwenye kona nzuri ya barabara ambayo kumbe ni 91 ya mtu mwingine. Karatasi ni halali, ardhi uliyoonyeshwa ndo siyo.

Kinachounganisha karatasi na udongo ni ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa uombe kuiona. Sio mchoro wa mipango miji, ule ni mpango tu na viwanja vinaweza kubadilika umbo au namba wakati wa kupima. Kwenye ramani ya upimaji utaona mipaka ya 87, urefu wa kila upande, na namba za mawe ya kila kona. Ziandike, halafu nenda site, fukua majani kwenye kona usome namba iliyoandikwa juu ya jiwe. Zikilingana zote, na ukipima kwa tepu upande wa mbele ukapata urefu ule ule, hapo uko kwenye 87. Jiwe moja likilingana usishangilie bado, jirani naye anatumia jiwe hilo hilo.

Wajanja wanachukua koodineti za kwenye ramani wanazitupia kwenye simu, halafu wananipigia kelele kwamba kiwanja kimehama. Hakijahama bwana. Ramani nyingi za zamani zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960 na simu inatumia WGS84, usipobadilisha unaangukia kama mita 300 pembeni, mtaa wa watu. Na hata ukibadilisha, simu inakosea mita kadhaa, kwa hiyo inakufikisha kwenye kiwanja tu, mpaka haikuonyeshi.

Ukikuta mawe yameng'olewa, usilipe hela yoyote kwanza. Muuzaji alete mpima ayarudishe kwa ramani ile ile, majirani wakiwepo.