Karatasi ya alama katika mchujo wa maombi ya kazi: ni nini, na inafanyaje kazi

Karatasi ya alama ni jedwali dogo. Kila mwombaji ana mstari wake, kila kigezo cha kazi kina safu yake, na kwenye kila kisanduku panaingia tarakimu. Mwishoni tarakimu zinajumlishwa na wenye jumla kubwa wanaitwa kwenye usaili. Ukiieleza hivyo, inaonekana ni hesabu tu. Lakini jedwali lenye tarakimu halimzuii mtu kupendelea. Kinachomzuia ni maneno yaliyoandikwa kabla ya bahasha ya kwanza kufunguliwa, yanayosema 1 maana yake nini, 2 maana yake nini, na 3 inapatikana kwa ushahidi gani. Karatasi isiyo na maneno hayo ni maoni ya msomaji yaliyovishwa tarakimu.

Tuchukue mfano niliouunda kwa ajili ya maelezo haya. Nafasi ni moja, ya msaidizi wa mhasibu, na maombi yaliyofika ni 340. Wasomaji ni wawili, na wamekubaliana tangu mwanzo kwamba watasaili watu 8.

Hatua ya kwanza haina alama kabisa. Ni ya sharti: mtu analo au hana. Hapa masharti ni mawili tu, stashahada ya uhasibu na angalau mwaka mmoja wa kazi ya hesabu. Yote mawili yalikuwa kwenye tangazo, na hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu sharti lisilotangazwa ni mtego. Msomaji anaangalia kila ombi kwa muda wa dakika moja hivi na kuandika "ndiyo", "hapana" au "shaka". Kwa maombi 340 hiyo ni kazi ya saa sita bila dakika chache. Yenye shaka yanasomwa na wote wawili. Halafu, na hapa wengi huruka, msomaji wa pili anachagua kwa kura maombi 30 kati ya yale ya "hapana" na kuyasoma upya. Akikuta hata moja lililotupwa kimakosa, rundo lote la "hapana" linarudi mezani. Kwa mfano wetu, wamebaki 118.

Msishawishike kuongeza masharti ili rundo lipungue. Nimewahi kukaa kwenye kamati iliyoamua, baada ya kuona wingi wa maombi, kwamba sasa shahada iwe lazima, ilhali tangazo lilitaja stashahada. Rundo lilipungua kwa nusu ndani ya dakika kumi, na waliotupwa ni watu waliotimiza kila kitu walichoombwa. Hilo linaniuma mpaka leo. Hali kadhalika kusoma kwa mpangilio wa kufika mpaka wapatikane kumi wazuri, kisha kuacha: mwombaji wa 200 hakupimwa na mtu yeyote.

Hatua ya pili ndiyo ya alama. Vigezo viwe vichache. Vitatu au vinne vinatosha kwa kusoma karatasi, mengine yataulizwa kwenye usaili. Kwa msaidizi wa mhasibu tumechukua vitatu. Cha kwanza ni kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na uzito wake ni 3 kwa sababu ndiyo kazi atakayoifanya kila wiki. Cha pili ni matumizi ya lahajedwali, uzito 2. Cha tatu ni uandishi unaoeleweka, uzito 1. Kila kigezo kinapewa alama 0 hadi 3, kwa hiyo jumla kubwa kabisa ni 18. Ukiwa na lahajedwali ambamo alama tatu zipo kwenye safu B, C na D, jumla ya mstari wa 2 ni hii:

```
=B2*3+C2*2+D2*1
```

Sasa yale maneno. Kwa kigezo cha kwanza tunaandika hivi. Sufuri: hakuna popote alipogusia kazi hiyo. Moja: ameitaja tu, au ameifunika ndani ya maneno ya jumla. Mbili: ameeleza kwamba aliifanya mwenyewe, na amesema mara ngapi au kwa akaunti ngapi. Tatu: ameeleza pia tofauti aliyowahi kuikuta na alivyoisahihisha. Zingatia kwamba miaka ya kazi haimo. Mwenye miaka 15 hapati zaidi ya mwenye miaka 3 kama wote wameonyesha kazi ileile. Bila kufunga mlango huo mapema, wasomaji huanza kuzawadia umri bila kujua.

Kabla ya kuanza kwa dhati, wasomaji wote wawili wanasoma maombi 10 yaleyale, kila mmoja peke yake, kisha wanalinganisha. Saa moja hiyo ina faida kuliko siku nzima ya mabishano baadaye. Mara nyingi ndipo wanapogundua kwamba kigezo fulani hakitenganishi watu: wote 10 wamepata 2 kwenye lahajedwali, kwa sababu kila mtu huandika kwamba anaijua. Basi maneno yanakazwa: 2 ni kwa aliyetaja alichokitengeneza kwa lahajedwali, si kwa aliyesema anaifahamu. Marekebisho yanafanyika hapo, na yale 10 yanapimwa upya. Kuanzia hapo karatasi haibadilishwi. Ikilazimu kubadilishwa, kila aliyekwisha kupimwa anapimwa tena.

Majina yafunikwe, na pamoja nayo picha, umri, jinsia na mahali mtu anapoishi. Kila ombi lipewe namba. Marekani, kwenye miji ya Boston na Chicago, watafiti Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma wasifu wa kubuni wapatao 5,000 wenye majina yaliyogawanywa kwa bahati nasibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: wasifu wenye majina yanayodhaniwa kuwa ya Wazungu ulihitaji kutumwa mara 10 hivi ili kupata simu moja, na wenye majina yanayodhaniwa kuwa ya Wamarekani Weusi mara 15 hivi. Kilichotofautisha ni jina. Na msomaji akimtambua ndugu au rafiki hata baada ya jina kufunikwa, aseme, na ombi hilo lipimwe na mtu mwingine.

Kisha kila msomaji anapima 118 peke yake, bila kuona alama za mwenzake. Ukitenga dakika tano kwa kila ombi, ni takriban saa kumi, na zigawanywe kwa siku tatu. Mpangilio wa maombi uchanganywe, na kila msomaji awe na mpangilio wake, kwa sababu ombi la kawaida likifuata lile bora sana huonekana baya, na la jioni husomwa na macho yaliyochoka. Uchovu unaweza kuuona: linganisha wastani wa alama za siku ya kwanza na wa siku ya tatu. Kwa kuwa mpangilio ulichanganywa, wastani ukishuka sana ni msomaji aliyebadilika, wala si waombaji. Ya mwisho yasomwe upya asubuhi.

Jambo jingine la kusaidia ni kupima kigezo kimoja kwa maombi kadhaa, mathalani ishirini, kabla ya kuhamia kigezo kinachofuata. Ukimpima mtu mzima kwa mara moja, kizuri chake kimoja hung'arisha vingine. Ona kilichotokea kwa namba 47. Wasifu wake una kurasa tatu zilizopangwa kwa ustadi, na amefanya kazi kwenye kampuni kubwa. Msomaji wa kwanza alimpa 3, 3 na 2, jumla 17. Wa pili alimpa 1, 3 na 2, jumla 11. Kanuni yao inasema tofauti ya alama moja kwenye kigezo inachukuliwa wastani, lakini tofauti ya mbili au zaidi inawarudisha kwenye maandishi. Wakarudi. Sentensi pekee iliyohusu benki ilisomeka: "Nilishiriki katika shughuli zote za uhasibu na za kibenki." Huko ndiko kufunika kwa maneno ya jumla, yaani 1. Msomaji wa kwanza alikuwa ameipa 3 sifa ya kampuni. Akaukubali ushahidi, na namba 47 akabaki na 11.

Namba 212 aliandika ukurasa mmoja usio na mapambo. Ndani yake mna hii: kila mwezi alilinganisha akaunti mbili, akakuta hundi iliyoingizwa mara mbili kwenye daftari, akaifuta na kuandika maelezo ya marekebisho. Wote wawili walimpa 3 hapo na 2 kwenye lahajedwali. Kwenye uandishi mmoja alimpa 2, mwingine 1, wastani 1.5. Jumla yake ni 9 na 4 na 1.5, yaani 14.5. Kwa kusoma harakaharaka namba 47 angeitwa na huyu angeachwa.

Linganisha pia na ambacho kingetokea kama wangechukua wastani tu bila kurudi kwenye maandishi: namba 47 angepata 14, na 14 ndiyo alama iliyokuja kuwa mpakani. Baada ya kupanga orodha, watu sita walikuwa na 14.5 au zaidi, na wanne walifungana kwa 14. Nafasi zilizobaki ni mbili. Kanuni ya waliofungana ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo: anatangulia mwenye alama kubwa kwenye kigezo chenye uzito mkubwa. Wawili kati ya wanne walikuwa na 3 hapo, wakaitwa. Kama muda ungeruhusu, mimi ningewaita wote wanne. Kufungana kwa karatasi maana yake karatasi imefika mwisho wa uwezo wake, na pia mwenye 13.5 hayuko mbali na mwenye 14 kiasi cha kuapa kwamba ni dhaifu kuliko yeye.

Kuna kikomo kingine kikubwa zaidi. Karatasi inapima kilichoandikwa, si kilichofanywa. Mtu hodari asiyejua kwamba alitakiwa kueleza ile hundi atapata 1. Dawa yake iko kwenye tangazo: badala ya kuomba barua ya maombi tu, omba mwombaji aeleze kwa maneno yasiyozidi 150 mara ya mwisho alipolinganisha daftari na taarifa ya benki, alikuta nini na alifanya nini. Hapo wote 340 wanajibu swali moja. Ndiyo maana ninaandika karatasi ya alama kwanza, kisha ndipo ninaandika tangazo.

Karatasi zote mbili zinatunzwa, pamoja na maelezo ya kila alama iliyobadilishwa baada ya majadiliano. Namba 47 akipiga simu kuuliza kwa nini hakuitwa, unafungua mstari wake na kumsomea: kwenye kigezo cha benki uliandika hivi, na alama 2 ilihitaji useme ulifanya mwenyewe, mara ngapi au kwa akaunti ngapi.