Miligramu tano za mwisho

Mama mmoja wa Likoni, mwenye miaka 61, alianza kumeza diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, alipofiwa na mumewe. Aliandikiwa ya wiki mbili, akaimeza miaka sita: miligramu 10 kila usiku. Siku moja akaamua yatosha, akavitupa vidonge vyote chooni. Siku tatu za mwanzo alilala vizuri tu, akaona ameshinda. Siku ya sita bintiye akamleta kwangu. Tulimpa chai, na kikombe kikawa kinagongana na kisahani mpaka chai ikamwagika.

"Mwanangu," akaniambia, "kijiko kikigusa gilasi nasikia kama nyundo. Honi ya feri ndiyo usiseme."

Jasho lilikuwa likimtoka, misuli ya miguu inamrukaruka, na usingizi haukuwapo kabisa. Jirani alikuwa ameshamshauri atafute mganga.

Ile ilikuwa arosto. Hapa Pwani neno hilo tumewaachia vijana wa heroini, lakini mama aliyeandikiwa dawa na daktari naye huipata, na hakuna aibu ndani yake. Ubongo una breki zake za asili, na diazepamu huzikaza. Zikikazwa kila usiku kwa miaka, ubongo hulegeza za kwake ili ubaki sawa. Ukiiondoa dawa ghafla, gari linabaki mteremkoni bila breki. Siku tatu za raha zilitokana na dawa yenyewe: inaweza kuchukua hadi saa 48 kupungua nusu mwilini, na zao lake linalofanya kazi kama yenyewe hukaa zaidi, hasa kwa mtu mwenye umri mkubwa. Kwa hiyo dhiki huchelewa, na mgonjwa haihusishi na vidonge alivyotupa.

Bintiye alidhani ni huzuni ya zamani imerudi. Mimi huuliza: kuna jambo hapa ambalo hukuwa nalo kabla ya dawa? Huzuni haikumfanya mama aumizwe na sauti ya kijiko. Dalili mpya za namna hiyo, kama mwanga kuchoma macho au ganzi vidoleni, zikija siku chache baada ya kupunguza, huonyesha ni dawa inayotoka.

Nilimrudishia miligramu 10. Wengi hushangaa, lakini kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege au kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwapo, na hayo yanaweza kuua. Mtu wa dalili hizo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Mwenye kifafa, mjamzito au mnywaji wa pombe naye hapunguzi bila kufuatiliwa kwa karibu sana.

Baada ya wiki mbili alikuwa ametulia, tukaanza. Kanuni yangu ni kutoa kama sehemu moja ya kumi kila wiki mbili hadi nne, na hesabu hiyo hufanywa juu ya kipimo cha sasa, si kile cha mwanzo. Kutoka 10 kwenda 9 unatoa sehemu ya kumi. Kutoka 2 kwenda 1 unatoa nusu nzima, ingawa kwa macho ni miligramu moja ile ile. Hapo ndipo wengi huanguka, wakidhani wameshafika.

Tukaifuata kanuni hiyo kwa kukadiria tu, kadiri vidonge vinavyokatika: kutoka 10 hadi 5 tulishuka miligramu moja kila wiki mbili, jumla wiki kumi. Miligramu 9 ni kidonge kimoja cha 5 na viwili vya 2; 8 ni cha 5, cha 2 na nusu ya cha 2. Chini ya 5 tulishuka nusu miligramu kila wiki tatu. Nne na nusu ni nusu ya kidonge cha 5 na kimoja cha 2. Bintiye alivikata kwa kikatio cha vidonge, akavipanga kwenye kisanduku cha siku saba. Hatua kumi za wiki tatu ni wiki 30: nusu ya pili ilipangiwa muda mara tatu ya nusu ya kwanza.

Ratiba si amri. Alipofika 3, nyayo zikaanza kumwaka moto usiku. Hatukupandisha, tulisimama hapo hapo wiki sita mpaka zikapoa. Wiki moja alijaribu kuimeza siku moja na kuiacha ya pili. Nikamkataza, maana kipimo kinachopanda na kushuka huupa mwili arosto ndogondogo. Alipoumwa mgongo nikamwambia bintiye asimpe tramadoli ya dukani, kwa sababu ikikutana na diazepamu inaweza kuzimisha pumzi.

Sasa yuko kwenye robo ya kidonge cha 2. Hulala saa tano usiku, huamka kabla ya adhana ya alfajiri, akakaanga mahamri. Robo hiyo tutaiacha baada ya wiki tatu, na nimemwambia bintiye aendelee kumwangalia mikono kwa mwezi mzima baadaye.